Nimetoa omena nikawapa kuku funza, mayai yameshuka kutoka 82 hadi 57

#1 KukuNjoro
Hamjambo wadau. Niko Njoro, nina kuku 100 wa mayai. Hadi mwisho wa mwezi wa sita walikuwa wananipa mayai 82 kwa siku, siku mbaya 79. Chakula nachanganya mwenyewe: pumba za mahindi, pumba za ngano, mashudu ya alizeti, chokaa, zile vitamini za pakiti, na omena kilo 1 na gramu 200 kila siku. Omena ndiyo ilikuwa inanimaliza mfukoni.

Mwaka huu nikaanza kufuga funza wa nzi askari mweusi kwenye mapipa manne niliyopasua katikati. Taka nachukua jioni soko la Wakulima mjini Nakuru, kabichi, tikiti, nyanya zilizooza, pamoja na mabaki ya hoteli moja. Funza wamejaa, wanene, ukitia mkono ndani unahisi joto. Nikaona sasa nimeokoka. Nikatoa omena yote nikaweka funza kwa uzito uleule, kilo 1 na gramu 200 kila asubuhi. Kuku wanawapigania utadhani ni Krismasi.

Wiki tatu baadaye nimeokota mayai 57. Hakuna kuku aliyekufa, hakuna anayekohoa, kinyesi kiko sawa. Wale mlioniambia funza ni sawa na omena, jitokezeni.

#2 Kijana_wa_Kiamunyi
Funza? Mkuu hao si hutolewa vidoleni na pini? Wewe unawafuga?

#3 Mama_Kreti
@Kijana wacha mchezo, mtu anapoteza pesa.

KukuNjoro, ndugu yangu, huu ni mwezi wa saba. Baridi ya Njoro unaijua. Mchana umefupika na kuku bila mwanga hatagi. Mimi huku Bahati kila mwaka mwezi huu nashuka kreti moja nzima. Weka taa saa kumi na moja alfajiri na jioni hadi saa tatu, utaona. Funza hawahusiki.

#4 Daktari_Mstaafu
Mama Kreti, hapo kwenye taa uko sawa, lakini mchana haujafupika. Nakuru iko karibu kabisa na ikweta, mchana wetu ni saa 12 mwezi wa saba na saa 12 mwezi wa kumi na mbili. Kinachobadilika ni mawingu. Taa husaidia kwa sababu kuku wa mayai hutaga vizuri akipata mwanga wa kama saa 16, na huku kwetu hazipati mwezi wowote ule. Sasa kama alikuwa anaokota 82 bila taa, taa haiwezi kuwa ndiyo iliyoondoka.

KukuNjoro, hao kuku wana umri gani? Kuna manyoya chini?

#5 KukuNjoro
Wana wiki 74. Manyoya yapo kidogo, si ya kutisha. Taa sijawahi kuweka.

#6 Daktari_Mstaafu
Wiki 74 si mtoto. Umri weka kwenye orodha.

#7 Nyar_Dunga
Kabla hatujafika kwenye umri. Hao funza unawapa wakiwa hai au wamekauka?

#8 KukuNjoro
Hai mama. Natoa kwenye pipa, napima kwa mizani, namwaga. Si ndiyo wana nguvu zaidi wakiwa hai?

#9 Nyar_Dunga
Hapo ndipo ulipoteleza. Mimi nafuga funza Kisumu mwaka wa nne sasa, taka natoa Kibuye, na kosa hili nilifanya na macho yangu yakiwa wazi.

Omena unayonunua imeanikwa, maji yameisha. Funza aliye hai ana maji kama theluthi mbili ya uzito wake. Kwa hivyo kilo yako 1 na gramu 200 ukiikausha inabaki kama gramu 400. Katika hizo 400, protini ni kama asilimia 40, yaani gramu 160. Omena safi ina protini kama asilimia 55, kwa hivyo kilo 1 na gramu 200 ilikuwa inawapa kuku wako gramu 660. Umewanyang'anya gramu 500 kwa siku. Gawanya kwa kuku 100, kila mmoja amekosa gramu 5. Kuku anayetaga anahitaji kama gramu 17 au 18 kwa siku kutoka chakula chote. Ukitoa 5 hapo, cha kwanza kukatwa ni yai.

Na ndiyo maana hawaugui. Kuku hafi kwa hilo, anapunguza tu kazi.

#10 Profesa_Pumba
Hesabu nzuri lakini mnazidisha mambo. Funza 40, omena 55, tofauti ni 15 tu. Shida ni MAFUTA. Funza wana mafuta mengi sana, kuku akinenepa tumboni hatagi. Kila mtu anajua. Mchinje mmoja uangalie.

#11 Nyar_Dunga
Profesa, 40 ni ya funza mkavu. Umesoma nusu ya nilichoandika. Ya mafuta ni kweli, funza mkavu anaweza kuwa na mafuta theluthi moja hivi. Lakini kwa gramu 400 kavu, hayo ni kama gramu 130 za mafuta kwa kuku 100. Gramu moja na kitu kila kuku. Huyo hanenepi kwa hayo.

#12 Profesa_Pumba
Atanenepa kwa pumba basi. Amekosa protini amebaki na pumba tupu, anakula wanga anaweka mafuta. Kwa hiyo bado ni mafuta 😀

#13 Kijana_wa_Kiamunyi
Profesa hashindwi, anahama tu.

#14 Msukuma_wa_Mwanza
Habari za huko majirani. Huku kwetu mdudu huyo tunamwita nzi chuma, na omena yenu ndiyo dagaa wetu. Naongezea kwa Nyar Dunga: hiyo asilimia 55 ni ya dagaa safi. Dagaa wa kulisha mifugo walioanikwa chini kwenye mchanga, ukitia kwenye ndoo ya maji unakuta mchanga umekaa chini na maganda ya konokono. Unalipia mchanga. Kwa hiyo pengo linaweza kuwa dogo kuliko gramu 500.

#15 Nyar_Dunga
Shemeji wa Mwanza umesema kweli. Hata ukiteremsha omena hadi 45, bado pengo ni kama gramu 380.

KukuNjoro usinichukulie kwa maneno. Pima kilo moja ya funza, wamwagie maji yaliyochemka, wanakufa papo hapo. Chuja, kisha kausha kwenye sufuria pana kwa moto mdogo ukikoroga, mpaka ukimvunja mmoja avunjike kama njugu iliyokaangwa. Pima tena, utuletee jibu.

#16 Omwami_wa_Butere
Mimi nina nguruwe sita na nawapa funza hai ndoo nusu kila jioni, wanakua vizuri sana, mmoja nimeuza juzi. Kwa hivyo funza hawana shida. Wewe hamia kwa nguruwe tu.

#17 Mama_Kreti
Omwami swali lilikuwa la mayai. Nguruwe wako anataga?

#18 Omwami_wa_Butere
Nimesoma haraka mama. Lakini point yangu iko pale pale, nguruwe hana shida na maji ya funza, anakula mpaka ashibe, ana tumbo. Kuku kifuko chake ni kidogo.

#19 Daktari_Mstaafu
Omwami, bila kujua umegusa jambo kubwa kuliko swali la mwenye uzi. Kuku wa kutaga anakula kama gramu 120 za chakula kikavu kwa siku. Ukimjaza asubuhi na kitu chenye maji mengi na kitamu, anafika kwenye chakula akiwa ameshiba. KukuNjoro, chakula kinabaki kwenye vyombo jioni?

#20 KukuNjoro
Sasa umeniuliza kitu. Kinabaki. Si kingi, kama kilo moja na nusu. Zamani walikuwa wanapiga vyombo vikiwa vitupu saa kumi. Mimi nikafurahi nikasema tunaokoa chakula.

#21 Daktari_Mstaafu
Kilo moja na nusu kati ya 12. Hiyo ni nanga nyingine. Pamoja na protini wamepungukiwa chokaa na vitamini zilizobaki chomboni. Maganda ya mayai yakoje?

#22 KukuNjoro
Mawili matatu kwa siku yanavunjika mkononi. Nilidhani ni watoto.

#23 KukuNjoro
Nimerudi na majibu ya sufuria. Nimepima kilo moja kamili ya funza, nikamwagia maji ya chai. Mke wangu amenikataza kutumia sufuria yake kwa hivyo nimetumia karai la kuchanganyia simiti, nimelisugua kwanza. Dakika kama 40 kwa moto wa kuni, wakatoa harufu ya karanga zilizoungua kidogo, jogoo wa jirani akaruka ua. Nimepima: gramu 270.

Hata theluthi haikufika. Nyar Dunga nimekuelewa. Kwa hivyo ninunue tu omena?

#24 Nyar_Dunga
270 ni kidogo hata kwa funza hai, na sababu ni soko lako. Kabichi na tikiti ni maji, karibu asilimia 90 na zaidi. Funza anakunywa supu. Nikuulize, chini ya pipa kuna uji mweusi? Na funza wanapanda ukutani usiku?

#25 KukuNjoro
Umekuwa hapa kwangu? Uji upo na unanuka mkojo. Wanapanda. Asubuhi nawakuta sakafuni, nilidhani wamekomaa wanatafuta pa kulala.

#26 Nyar_Dunga
Aliyekomaa anapanda akiwa mweusi, na haachi kutafuta pakavu. Wako wanapanda wakiwa weupe kwa sababu wanazama.

Taka chukua ngumi moja ukamue. Zikitoka tone mbili tatu kati ya vidole ni sawa. Zikitiririka, changanya na kitu kikavu. Mimi naweka pumba za ngano kidogo na machicha ya pombe yaliyokamuliwa, maana machicha yana protini yake, na funza anakuwa kile anachokula. Kabichi peke yake inakupa funza mwembamba anayechukua siku nyingi. Toboa matobo madogo chini ya pipa, ule uji utoke. Vuna wakiwa rangi ya maziwa, kabla hawajageuka weusi, maana wakigeuka ngozi inakuwa ngumu na kuku anaipitisha tu.

#27 Profesa_Pumba
Lakini ukinunua pumba na machicha ulishe funza ili ulishe kuku, si bora umpe kuku pumba moja kwa moja? Hapo ndipo biashara hii inanishinda.

#28 Nyar_Dunga
Hilo ni swali zuri Profesa, na sina jibu linaloniridhisha. Mimi machicha napata bure kwa jirani anayepika pombe. Siku atakapoanza kuyauza nitapiga hesabu upya.

#29 Msukuma_wa_Mwanza
Piga hesabu ya taka pia. Kwa funza hai, taka kilo 100 zikikupa kilo 15 hadi 20 umefanya vizuri. Mwenye uzi akitaka kuziba zile gramu 660 kwa funza peke yake anahitaji kama kilo 5 hai kila siku, na wake wenye maji wanafika 6. Hizo ni taka kilo 30 na zaidi, kila siku, mvua na jua. Una mkokoteni?

#30 KukuNjoro
Nina pikipiki na gunia mbili. Siku za mvua sifiki mjini.

#31 Mlima_Elgon
Ongeza baridi. Mimi Kapsokwony niliacha. Kisumu funza wanamaliza wiki mbili, kwangu walichukua karibu mwezi, na nzi wakubwa hawakupandana kabisa. Wanataka jua la kweli na joto, wakikaa kwenye mawingu wanakufa bila kutaga. Mtu wa Kisumu akikupa ratiba yake, izidishe. Njoro iko juu pia.

#32 Nyar_Dunga
Nakubali. Huku nikiamka kuna joto tayari. Lakini yeye amesema pipani kuna joto, funza wakiwa wengi wanajitengenezea lao. Shida ya Njoro itakuwa kwa nzi na mayai yao, si kwa funza.

#33 Mlima_Elgon
Kwangu hata pipani walilala. Labda nilikuwa na wachache.

#34 Fundi_Langas
Swali la pembeni. Mnaweka mizoga? Kifaranga akifa nilikuwa natupia pipani, wanammaliza siku mbili.

#35 Daktari_Mstaafu
ACHA LEO. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Mzoga ukioza bila hewa, kuna bakteria wanaotengeneza sumu ya botulizimu. Funza hawadhuriki nayo, wanaibeba tu. Kuku akiwala, miguu inalegea, kisha mabawa, mwishowe shingo inalala chini kama kitambaa. Akili iko, macho yanakuona, lakini hawezi kuinua kichwa.

#36 Mama_Kreti
Nimewahi kuliona hilo. Nilipoteza 19 kwa siku mbili, na jirani zangu wakasema ni kideri. Kumbe kulikuwa na panya amefia nyuma ya banda. Funza waliotoka kwake walikuwa weupe wembamba, wa nzi wa kawaida, hata sikuwafuga.

#37 Daktari_Mstaafu
Na ni vizuri kila mtu ajue kuwatofautisha. Wa nzi wa nyumbani ni mweupe laini, mbele mkali nyuma butu kama amekatwa. Wa nzi askari ni bapa, ana pingili zinazoonekana, ngozi yake ukiipapasa ni ngumu kama ngozi ya kiatu kipya, kichwa kidogo cheusi. Wale wa nyumbani wanaweza pia kumwachia kuku tegu. KukuNjoro wako ni wapi?

#38 KukuNjoro
Bapa. Wachache weupe laini wako juu kwenye mabaki ya hoteli.

Omwami wa Butere, wewe nguruwe wako unalisha mabaki ya hoteli pia?

#39 Omwami_wa_Butere
Nawapa funza mabaki. Nguruwe anakula funza.

#40 Daktari_Mstaafu
Mabaki yenye nyama ya nguruwe usiyaweke pipani kabla hayajachemka nusu saa. Homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa, na ikiingia Butere utaanza na wako sita. Na hao funza uwapitishe maji ya moto. Kwa hai moja kwa moja mimi sina amani.

#41 Omwami_wa_Butere
Daktari miaka miwili sijaona kitu.

#42 Daktari_Mstaafu
Wote husema hivyo wiki moja kabla.

#43 KukuNjoro
Wazee nimerudi, wiki mbili na nusu zimepita. Nilifanya hivi: nimerudisha omena gramu 600, funza nawakausha kwenye karai nawapa gramu 600 kavu, nimesaga nikachanganya ndani ya chakula wasichague. Pipa nimetoboa chini, natumia pumba kukausha kabichi. Kilo moja ya funza sasa inanipa gramu 320 kavu. Nikaweka na taa, Mama Kreti, kutoka saa kumi na moja alfajiri.

Mayai: jana 71. Maganda hayavunjiki.

#44 Profesa_Pumba
Umechinja yule mmoja ukaangalia mafuta?

#45 KukuNjoro
Tulimchinja Jumapili. Mafuta yalikuwa mengi tumboni, rangi ya manjano, mkono mzima. Sijui yalikuwepo kabla.

#46 Profesa_Pumba
😎

#47 Mama_Kreti
71! Taa hiyo. Nilisema.

#48 Nyar_Dunga
Mama, amebadilisha vitu vinne kwa mpigo, omena, ukaushaji, usagaji na taa. Sasa kila mmoja wetu atasema ni chake. Ungezima taa wiki mbili, KukuNjoro, tuone.

#49 KukuNjoro
Mama nakuheshimu, lakini mayai 14 kwa siku sizimi taa kwa ajili ya uzi.

#50 Daktari_Mstaafu
Na hawatarudi 82. Wiki 74 sasa ni kama 77.

#51 Fundi_Langas
Nimeondoa vifaranga pipani. Mtu ananiuzia mayai ya nzi kwa gramu, gramu moja inatosha mapipa mangapi?

#52 Nyar_Dunga
Gramu moja ni mayai kama elfu 35 hivi. Usimwage yote pipa moja. Funza elfu 10 wanamaliza taka kama kilo 15 katika siku 12, kwa joto la Kisumu. Langas niongezee siku.

#53 Kijana_wa_Kiamunyi
Elfu 35 kwa gramu. Na mimi nilikuwa natolewa kimoja kimoja na pini nikilia.